YAH: KULISIFU BANDO LA FAMILIA NA KUULIZA LINAVYOGAWANYWA

Ndugu Meneja, Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kutoka Nkuhungu, Dodoma, kulisifu bando lenu la familia, maana wanaolisema vibaya ni wengi na wema wake hawauoni. Tangu liingie kwetu, nidhamu imerudi. Kijana wangu wa UDOM, ambaye hata mtihani haukuwahi kumtoa kitandani, sasa saa tisa usiku yuko macho, anaziwahi GB kabla mdogo wake hajaamka. Bibi yao kule Mpwapwa amejifunza subira: anapiga picha ya mtama wake, anaituma, kiduara kinazunguka, anaweka simu chini na kwenda kupalilia.

Ila ninachokisifu zaidi ni haki yake. Tulinunua GB 20 za siku 30 kwa laini tano, nami nikajua ni GB 4 kwa kila mtu. Kumbe ni sinia moja la ugali na mlenda, na mwenye tonge kubwa hashitakiwi! Mwezi haujafika nusu, ikaingia meseji kwamba asilimia 75 imetumika, yaani GB 15. Iliingia kwangu tu, walaji hawakusumbuliwa.

Nikakusanya simu za nyumbani, nikafungua matumizi ya data. Jumla ikaja GB 19. Nikadhani mmetusamehe GB 4, nikakaribia kuwaombea dua. Kumbe simu zinahesabu tangu tarehe 1, na bando lilianza tarehe 6. Nilipobadilisha tarehe ya kuanzia hesabu, mambo yakakaa sawa: kijana GB 11, mdogo wake 2.5, mimi 1, baba yao 0.4. Kilichobaki, kama MB 100, ndicho alichokula bibi. Za kijana hazinishangazi: tamthilia yenye picha safi inaweza kumaliza GB 1 kwa saa, na wenzake wa hosteli anawawashia hotispoti. Kwenu yote hayo yanasomeka kwenye laini yake moja.

Kwa heshima ya bando hili, basi, naomba kujua: je, mwenye laini kuu anaweza kuweka kikomo kwa kila namba? Mtu akifikia kikomo chake, anakatwa, anaendelea kuchota kwenye fungu la wenzake, au mnahamia kwenye salio lake la kawaida? GB za kikomo chake ambazo bibi hatazigusa zinarudi kwa familia, au zinakufa na bando siku ya 30? Na ile meseji ya asilimia 75 haiwezi kwenda kwa wote, ili mlaji naye apate habari zake?

Naomba mnijibu kwa meseji ya kawaida. Hapa nyumbani bando limeisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa laini kuu