Kausheni Kwanza, Mtaa Utangoja

Mfyuuu! "Nipe zege mbili, moja usitie pilipili." Basi, kwisha habari yake. Kijana wetu wa bajaji, anayepaki hapa kijiweni Manzese, kajichoma kwa mdomo wake mwenyewe. Siku zote huyu ni mtu wa chipsi kavu, sahani moja, pilipili imwagwe mpaka kamasi zimtoke. Leo anataka zege mbili za kufungiwa, na moja ni ya mtu asiyekula pilipili! Muuza chipsi hakuuliza kitu. Kageuza mayai kwenye kikaango, kafunga, kapokea hela, karudisha chenji. Bajaji ilipokata kona tu, akatugeukia na kijiti mdomoni: "Mmesikia?" Tumesikia, kaka. Kwani hapa tumekaa tunafanya nini?

Jamani, wenzetu mnaoanza kupendana, hebu sogeeni hapa kwenye benchi niwape siri ya kazi yetu. Nyie mnadhani habari zenu zinavujishwa na rafiki asiye na kifua. Wapi! Rafiki anakuja mwishoni kabisa, tena kuthibitisha tu. Mtaa unajua kwa kuangalia kilichobadilika. Nyumba zetu hizi mnazijua, vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, choo na bafu uani. Ndala ngeni zikilala mlangoni kwako zinahesabiwa. Ndoo ya pili ikiingia bafuni asubuhi inahesabiwa. Feni ikizunguka mchana wewe uko kazini, na LUKU mnachangia, hapo si umbea tena, ni kikao cha wapangaji.

Na cha ajabu, wengi wanajiumbua pale pale wanapojificha. Huyu wa bajaji tulianza kumshuku kabla hata ya zege. Mwalimu wa chekechea alikuwa abiria wake wa kawaida, anamshusha mlangoni kwao, mama mtu anaona, salamu, "shikamoo mama", "marahaba mwanangu", bajaji inageuza. Ghafla akaanza kumshusha kona ya msikitini, dada wa watu anamalizia kwa miguu, tena kaangalia chini. Sasa abiria aliyelipa nauli yake atashushwaje njiani na mizigo ya madaftari? Bodaboda mmoja akaliona hilo mara ya kwanza, akanyamaza. Mara ya pili akatuletea.

Tazameni sasa safari ya neno. Ijumaa usiku ni zege mbili. Jumamosi limefika saluni, na saluni siku ya kusuka rasta mtu anakaa kutwa nzima kichwa kimeshikwa, mdomo ndio pekee ulio huru. Likatoka pale limenenepa: wanaishi pamoja. Wakala wa pesa za simu, ambaye daftari la wateja lilitakiwa kubaki lake, akaongeza chumvi kwamba huyu kijana kila mwisho wa mwezi hutuma hela kwa mwanamke Mkuranga, maana jina la mpokeaji linatokea kwenye simu. Haya, ikawa ana mke na watoto wawili. Yule wa Mkuranga ni dada yake wa tumbo moja, lakini nani alikuwa na haja ya kuuliza? Jumapili, kwenye foleni ya maji, jirani akamwambia mama yake mwalimu kwa sauti ya kusikika na ndoo zote: "Hongera mwenzangu, kumbe unapokea mkwe na wajukuu kwa pamoja."

Aka! Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo. Mama yule asingekasirika kwamba binti yake, mtu mzima mwenye kazi, ana mtu. Kilichomuuma ni kulijua bombani, mbele za watu, akiwa wa mwisho. Jioni ile ile mjomba kaitwa, kijana kaitwa, sebule imejaa, swali moja tu: "Una nia gani na binti yetu?" Watu wana wiki chache tu tangu waanze kuongea vizuri. Hata majina ya babu zao hawajaambizana. Kijana akajibu ukweli: "Mjomba, bado tunafahamiana." Lingesemwa chini ya mwembe na watu wawili, ni jibu la heshima kabisa. Kwenye sebule ile lilisikika kama "namchezea". Wiki haikuisha, wakaachana.

Na sasa nisikilizeni vizuri. Jumatatu iliyofuata kijana yuko hapa kijiweni anataniwa, anacheka, anakunywa kahawa na kashata. Mwalimu amebadilisha njia ya kwenda kazini. Wazazi wanaoleta watoto chekechea wanamwangalia kuanzia miguuni. Kwa mtaa wetu, mwanamume akiachana "ametulia kidogo", mwanamke akiachana "ameachwa". Penzi la wiki sita likifa kimya, wanalia wawili na maisha yanaendelea. Likifa mbele ya mtaa, gharama yote anabebeshwa dada. Kwa hiyo msinione mimi mzee wa nongwa nikisema kausheni. Umbea unawaharakisha watu. Unawadai jibu la ndoa kabla hawajajiuliza wenyewe kama wanapendana.

Sasa mwangalieni fundi cherehani, yule wa fremu ya mwisho. Yeye na dada wa duka la dawa walitupita puani miezi mingi, na sisi tumekaa hapa hapa. Walifanyaje? Hawakubadilisha kitu. Dada alikuwa analeta nguo kushonesha tangu zamani, akaendelea kuleta, akapanga foleni kama wateja wengine, akalipa, akadai chenji yake. Walisalimiana kwa sauti ile ile. Walipotaka kuongea hawakujifungia chumbani kwa mtu, walivuka na kivuko kwenda Kigamboni, katikati ya wiki, mchana kweupe, kila mmoja na daladala yake mpaka Kivukoni. Jumapili na sikukuu hawakuthubutu, maana Idi ukienda ufukweni utakuta mtaa mzima umehamia kule na watoto wao.

Simu nayo waliitunza. Hakuna kuweka picha ya vikombe viwili vya juisi kwenye status, halafu mtu anajidai eti haonyeshi sura. Mkono tunaujua, saa tunaijua, hata kitambaa cha meza tunajua ni cha wapi. Ujumbe usitokee wenyewe kwenye kioo simu ikiwa imefungwa, hilo linazimwa kwenye mipangilio. Ila wewe unayemwandika mpenzi wako "Fundi Bomba", mfyuuu! Siku fundi bomba akipiga saa tano usiku na mdogo wako akapokea, utasema bomba gani limepasuka? Andika jina lake alilopewa na wazazi wake, inatosha.

Kikubwa zaidi, walikuwa na jibu moja. Ukimtania fundi, anakwambia, "Kukiwa na neno mtaambiwa." Ukimtania dada, "Kukiwa na neno mtaambiwa." Hakuna kucheka-cheka, hakuna kuapa. Maana ukikana, "yule? simjui, hata si hadhi yangu", maneno hayo yatabebwa yote, yatamfikia mwenyewe kabla ya magharibi, na hapo utakuwa umemvunja moyo mtu wako ili kuwaridhisha watu wa benchi. Tena siku ukweli ukitoka, wewe ni mwongo. Jibu fupi lisilo na uongo halina pa kushikia. Tulimchimba fundi wiki mbili, tukachoka, tukarudi kwenye drafti.

Lakini, na hapa dada zangu mfungue masikio, kukausha kuna mpaka wake. Fundi na yule dada kila mmoja alikuwa na mtu mmoja anayejua: fundi kamwambia kaka yake, dada kamwambia shangazi yake. Shangazi alijua siku wanayovuka na saa wanayorudi. Dada alikuwa anajua fundi anaishi wapi na akipiga usiku simu inapokelewa. Na walikuwa wamekubaliana mapema: baada ya mfungo, kama bado tuko pamoja, tunasema nyumbani, na kama hatupo, tunabaki kusalimiana. Hiyo ndiyo siri ya watu wawili. Ukikutana na anayekwambia usije kwangu, usipige baada ya saa mbili, usimwambie hata dada yako, na ukiuliza mpaka lini anabadili mazungumzo, hapo mama unafichwa wewe. Na anayefichwa hivyo mara nyingi kuna mwingine anayetambulishwa. Mwite shangazi leo leo.

Muda ulipofika, wakafuata ngazi. Dada alimwambia mama yake mwenyewe, uani, wakichambua mchele. Shangazi akampelekea baba. Fundi akawaambia wazee wake. Hapo ndipo akatafutwa mshenga, mtu mzima asiye na papara, akapeleka barua ya posa imekunjwa kwenye kitambaa pamoja na hela ya kufungulia barua. Kwa Waislamu barua hiyo ina kazi nyingine, maana haifai mtu kuposa juu ya posa ya mwenzake, kwa hiyo sasa ni vizuri ijulikane. Na ndoa yenyewe haifichwi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ilani ya nia itolewe siku 21 kabla ya kufunga, Kanisa Katoliki linasoma matangazo Jumapili, msikitini panahitajika mashahidi. Wakati wa kuutangazia mtaa upo na una taratibu zake. Kabla ya hapo hamdaiwi taarifa na mtu.

Mmeona tofauti? Mama yake dada wa duka la dawa alipofika bombani, yeye ndiye aliyetoa habari. Kashusha ndoo, kajifunga kanga vizuri, kawaambia, "Wenzangu, nimepokea barua." Wale wale wa foleni wakapiga vigelegele. Hakuna aliyepata nafasi ya kuongeza mke wa Mkuranga, maana mwenye habari ameshaisema yote mwenyewe, kwa mpangilio wake.

Sisi huku kijiweni, bila shaka, tukasema tulijua zamani. Bodaboda kaapa aliwaona kivukoni. Muuza chipsi kasema alishahisi kwenye mayai. Uongo mtupu, hakuna aliyejua kitu! Lakini tuachieni hilo, jamani, nasi tuna sura za kulinda.