Jinsi ya Kumsomea Mtu Nyota kwa Saa Nzima Bila Kutoka Jasho

Ukuta umeshapakwa rangi, mchoro wa buruji 12 umetundikwa nyuma ya kiti chako, na udi umeshika. Kilichobaki ni mteja, na mteja analipia saa nzima. Wanajimu wengi wachanga huishiwa maneno dakika ya ishirini: wameshamwambia yeye ni Asadi, ana moyo mkubwa na hapendi kudharauliwa, kisha wanabaki kutazamana huku feni inazunguka. Tatizo lao ni kwamba wamezungumza wao. Saa moja ya unajimu iliyopangwa vizuri ni saa ambayo mteja anasema na wewe unaitikia kwa majina ya sayari.

Anza na taarifa za kuzaliwa, na usizifanyie haraka. Chukua robo saa nzima. Uliza jina lake, jina la mama yake mzazi, tarehe, mahali na saa. Uliza vyote hata kama hutavitumia, maana mtu akiulizwa jina la mama hataji jina peke yake. Atakwambia mama yupo au hayupo, nani alimlea, na kwa nini walihama Pangani. Wewe andika polepole, kwa kalamu ya wino.

Jina na jina la mama ni kwa ajili ya hesabu ya abjadi, ile ya mabwana wa falaki wa pwani. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Unajumlisha, unagawanya kwa 12, na baki ndiyo nyota. Tuseme mbele yako amekaa Fatuma binti Mariamu. Fatuma kwa Kiarabu ni fa 80, alifu 1, twa 9, mimu 40, na ile ta ya mwisho ambayo wengi huihesabu kama ha, yaani 5. Jumla 135. Mariamu ni 40, 200, 10 na 40, yaani 290. Ukiziunganisha unapata 425. Gawanya kwa 12, inabaki 5, na nyota ya tano ni Asadi. Lakini wapo wanaoihesabu ile ta ya mwisho kuwa ta kamili, ambayo ni 400. Hapo jumla inakuwa 820, inabaki 4, na Fatuma anahamia Saratani. Simba amegeuka kaa kwa sababu ya nukta mbili. Usimweleze mteja jambo hili. Fanya hesabu zote mbili chini ya meza, kisha umpe ile inayofanana na jinsi alivyokujibu ulipomuuliza habari za asubuhi.

Sasa saa ya kuzaliwa, na hapa ndipo kazi ilipo. Cheti cha kuzaliwa kitakupa tarehe na mahali, saa hakina. Saa iko kwa mama, na mama anasema, “ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, baba yako bado hajatoka.” Mteja ataigeuza kauli hiyo kuwa “saa mbili” kwa sababu anakuonea haya. Na wewe, kwa kuwa una programu ya kompyuta iliyotengenezwa na watu ambao saa mbili kwao ni usiku wa manane, utaandika 2:00.

Tazama kinachotokea. Fatuma amezaliwa Tanga, Ijumaa ya tarehe 14 Agosti 1987, saa mbili asubuhi. Saa hiyo kwenye programu ni 8:00. Jua lilichomoza Tanga siku ile mnamo saa kumi na mbili na nusu, likiwa ndani ya Asadi. Kwetu huku karibu na ikweta kila buruji huchukua takribani saa mbili kupanda upeo wa mashariki, kwa hiyo kufika saa mbili asubuhi Asadi ilikuwa imeshapanda na nyota ya mawio ilikuwa Sumbula. Ukiandika 2:00 umerudisha anga nyuma kwa saa sita, na saa sita ni buruji tatu. Nyota yake ya mawio sasa ni Jauza. Nyumba zote 12 zimehama. Jua, ambalo kwa saa sahihi liko nyumba ya 12, ile ya vifungo, hospitali na maadui wa siri, limehamia nyumba ya tatu, ya ndugu na safari fupi. Mama wa watu alikuwa afungwe, sasa anakwenda Muheza kumsalimia shangazi.

Ipo njia rahisi ya kulijua kosa hili kabla halijatoka mdomoni. Ukiambiwa mtu kazaliwa asubuhi, jua kwenye mchoro lazima liwe juu ya mstari wa upeo, upande wa kushoto. Likiwa chini ya mstari, umeingiza saa ya Kiswahili kwenye mashine isiyojua Kiswahili. Ongeza sita, fanya kama unasafisha miwani, na uendelee.

Lakini nisikutishe. Kosa hilo hutendeka kila siku na wateja huondoka wameridhika, kwa sababu ambayo mtu asiyependa fani yetu angeiita aibu. Sumbula na Jauza zote mbili zinatawaliwa na Utaridi. Utamwambia Fatuma ana akili nyepesi, anawaza sana usiku, maneno yake yamewahi kumponza, naye atatikisa kichwa kwa saa iliyo sahihi na kwa saa iliyokosewa vilevile. Mwezi nao umo Hamali kwa saa zote mbili, maana katika saa sita hutembea nyuzi tatu tu au nne, kwa hiyo hasira zake zitabaki palepale.

Na kuna usiku. Mteja akisema “nilizaliwa usiku wa Ijumaa,” muulize kama anamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, kama wazee wanavyohesabu, au Ijumaa baada ya isha. Ni siku nzima ya tofauti, na mwezi ndani ya siku nzima hutembea nyuzi zipatazo 13, nafasi ya kutosha kabisa kuvuka mpaka wa buruji. Kwa mzee aliyezaliwa enzi za ukoloni ongeza shida nyingine: ipo miaka ambayo saa rasmi huku ilikuwa mbele ya Griniwichi kwa saa mbili na dakika 45 badala ya tatu. Dakika hizo 15 husogeza mawio nyuzi nne hivi. Kwa mzee mwenyewe haina neno, yeye amekuja kuuliza habari za shamba.

Robo saa ya pili ni ya tabia. Hapa huhitaji kujua sana, unahitaji kusema kwa utulivu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja yake, na akawataka wayape alama za usahihi. Wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja, na sentensi zake nyingi alizitoa kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa barabarani. Baadhi ya wenzetu humtaja Forer kama adui. Mimi namhesabu mfadhili wa ofisi. Mwambie mteja kwa nje anaonekana imara lakini ndani ana wasiwasi, na kwamba watu hawajui ni mangapi amewasamehe. Kisha nyamaza. Kimya hicho kinalipiwa kama maneno.

Mtego wa kuepuka ni mteja anayekuja na mizani yake. Shawn Carlson, mwaka 1985, alichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo wanajimu walipewa mchoro wa mtu na maelezo matatu ya tabia, wachague lipi ni la mwenye mchoro. Walipatia mara moja kati ya tatu, sawasawa na anayechagua amefumba macho. Kwa hiyo mtu akikuletea tarehe za watu watatu na kusema “nionyeshe mume wangu ni yupi,” mwambie sayari hazifanyiwi mzaha, na umkumbushe saa inakwenda.

Robo ya tatu ni ya mapito, yaani sayari za leo zinapogusa sayari za siku ile. Usihangaike na zote. Chukua Zohali, ambayo humaliza mzunguko wake kwa miaka 29 na nusu hivi. Agosti 1987 ilikuwa Kausi, na mwaka 2016 ilikuwa imerudi palepale. Muulize Fatuma kwa sauti ya chini, “Mwaka 2016 ulipita vipi, dada?” Atashusha pumzi. Alikuwa na miaka 29: ama ameolewa, ama ameachika, ama amezaa, ama ameachishwa kazi, ama amezika mtu. Onyesha asiyekuwa na jambo lolote kwa umri huo nami nitafunga ofisi. Ukiliuliza swali hili vizuri utapumzika dakika kumi nzima, na yote atakayoyasema utamrudishia mwishoni kama uliyaona wewe.

Robo ya mwisho ni ya maswali yake mwenyewe. Yasije mapema. Akiuliza dakika ya tano utajibu kwa kubahatisha. Akiuliza dakika ya 45 ameshakupa majibu yote na hakumbuki kama aliyatoa yeye. Maswali ya mezani yatakuwa ya heshima: biashara ya vitenge iendelee? Mtoto asome sayansi au sanaa? Yajibu kwa vitenzi vya masharti na miezi isiyo na tarehe. Ugonjwa mpeleke kwa daktari, kesi kwa wakili, na siku ya kufa ya mtu yeyote usiitaje hata ukilipwa mara mbili. Kwenye hili sitanii.

Swali lililomleta halitaulizwa mezani. Litatoka ameshaaga, ameinama mlangoni anatafuta kandambili yake ya kushoto, na hakutazami. “Maalimu, yule mtu niliyekutajia pale mwanzo, unadhani atarudi?” Ndiyo maana nakwambia ada ipokewe dakika ya 40, kabla huruma haijakuingia, na uache dakika tano tupu mwisho wa saa kabla ya kumwita anayefuata. Mwambie akae tena. Funga kompyuta, maana hapo hakuna nyumba wala nyuzi itakayokusaidia, na umuulize yeye anaonaje. Anaijua habari hiyo tangu mwaka juzi, na akishaisema kwa kinywa chake atavaa viatu haraka kuliko alivyovivua. Wiki ijayo atakuletea dada yake, ambaye alizaliwa usiku wa Ijumaa.