Arusi ya Nani?

Mke wangu alitoka chumbani akiwa mweupe kuanzia paji la uso hadi shingoni. Hajafika barabarani, jirani akamuuliza arusi ni ya nani. Hapa Mombasa mwanamke mwenye uso mweupe asubuhi kapaka liwa, na liwa haipakwi bure. Wallahi hakukuwa na arusi. Kulikuwa na mabaka ya kahawia mashavuni, yaliyomtoka alipokuwa mja mzito, na tyubu ya losheni ya jua yenye zinki oksidi.

Shemeji yangu, mjuzi wa kila kitu, akamwambia aitupe, atumie za kemikali zisizoonekana. Alisema zinki huakisi jua kama kioo. Siyo hivyo. Zinki humeza sehemu kubwa ya miali ya urujuanimno, kama zinavyofanya kemikali. Ila chembe zake hutawanya pia mwanga tunaouona, ndipo mtu mweusi akawa kijivu. Losheni za kemikali kweli ni nyepesi, ingawa zikichuruzika na jasho hadi machoni, utalia bila msiba.

Tatizo la mabaka ni kwamba kwenye ngozi nyeusi hukolezwa hata na ule mwanga tunaouona, na losheni angavu huupitisha. Kinachosaidia kuuzuia ni oksidi ya chuma, ile inayoipa losheni rangi ya kahawia. Basi daktari wa ngozi akambadilishia: zinki ileile, yenye rangi inayokaribia yake. Jirani akanyamaza.

Nikadhani gharama zimekwisha. Daktari akamwonyesha kipimo: kamua mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Mke wangu alikuwa akipaka kiasi cha punje ya mbaazi, na tyubu moja ilimvusha kutoka Ramadhani hadi Ramadhani. Namba 50 ya kinga iliyoandikwa kwenye tyubu hupimwa kwa tabaka nene. Ukipaka nusu, kinga nayo hushuka karibu nusu. Vidole viwili ni kama gramu moja. Mara tatu kwa siku, tyubu ya mililita 50 haifikishi wiki tatu.

Kwa nini mara tatu? Akiwa nje hurudia kila baada ya saa mbili, na papo hapo akijifuta jasho kwa leso. Akishinda ndani mbali na dirisha, ya asubuhi humtosha. Shemeji hakuyasikia hayo. Losheni yake imeandikwa kustahimili maji dakika 80, akaogelea Nyali, akajikausha kwa taulo, akalala mchangani akitazama saa. Dakika zile hupimwa majini, hazihesabu taulo. Pua ikambambuka juma zima.

Mimi nimemnunulia mke wangu mwavuli mkubwa mweusi, kupunguza matumizi. Akashukuru, akanieleza kuwa miali hutawanyika angani na kurudi kutoka mchangani, ikaingia kutoka ubavuni. Kisha akanyoosha mkono apewe pesa ya tyubu.