Hedaya ya Mpwa Wangu

Mpwa wangu alipohitimu Chuo Kikuu na kupata kazi yake ya kwanza katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Mombasa, niliazimia kumtunukia saa ya mkono, kwa kuwa kijana atazamaye wakati katika simu mbele ya mkuu wake hudhaniwa kuwa anasoma salamu za mchumba. Nikatenga shilingi 12,000, nikaenda dukani nikiwa na hakika ya mtu asiyejua kitu.

Macho yangu yalivutwa kwanza na saa moja adhimu, pana milimita 44, yenye visaa vitatu vidogo ndani ya uso wake. Mwenye duka, mzee mtaratibu, akanipa kioo cha kukuzia, nami nikaona ya kuwa akrabu za vile visaa zilikuwa zimechapwa tu, haziendi popote. Kisha akaniuliza kuhusu mkono wa kijana, nami nikakiri kuwa ni mwembamba kama mwiko. "Basi pembe zinazoshika mkanda zitaning'inia nje ya mkono," akasema, "na watu watadhani ameazima ya babake." Tukashuka hadi milimita 38. Mkanda wa ngozi tuliukataa kwa hofu ya jasho la kaskazi.

Zikabaki mbili: ya betri, kwa shilingi 4,500, na nyingine, kwa shilingi 11,000, isiyotaka betri, inayojitia ufunguo yenyewe kwa mtikisiko wa mkono, na akrabu yake ya sekunde huteleza badala ya kurukaruka. Mzee akanisihi nichukue ya betri. "Hii nyingine, bwana, ukiivua na kuiweka, baada ya saa 40 hivi nayo hulala." Lakini ningewezaje, mimi mjomba mtu, kumpa mwana wa dada yangu kitu cha betri kama tochi?

Ijumaa ya kwanza ya ajira yake, saa kumi na nusu, kijana akaivua akaenda kucheza mpira, wala hakuivaa tena. Hesabu ni nyepesi: Jumapili saa mbili na nusu asubuhi ikasimama. Jumatatu alipozinduka, mbingu zimefunga wingu la masika, akaitazama, akaona saa mbili na nusu, na ofisi hufunguliwa saa mbili. Akatoka mbio bila chai, shati kifungo juu ya kifungo kisicho chake, akamkuta bawabu peke yake mlangoni akila mahamri. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo.

Mkubwa wake alipofika saa moja na kumkuta pale, alifurahi mno, na tangu siku hiyo humtarajia saa moja kila siku.

"Mjomba," akaniambia kwa adabu nyingi, "ile ya betri bado ipo dukani?"

Nikamjibu kuwa imekwisha kununuliwa, na mkono wangu wa kushoto nikautia mfukoni.