Mvua ya Dakika ya 33

Jumatatu

Faili limeingia asubuhi: mjadala wa kikundi, dakika 92, wanawake wanane wa kijiji kimoja wakizungumzia huduma za zahanati yao. Mtafiti anataka unukuzi wa neno kwa neno, yaani hata kigugumizi, kicheko na sentensi iliyokatwa katikati viandikwe. Malipo ni kwa dakika ya sauti, si kwa saa ya kazi, na hapo ndipo penye hesabu yote ya shughuli hii. Watu wawili wakizungumza kwenye chumba tulivu, saa moja ya sauti hula saa nne au tano za kuandika. Watu wanane wakizungumza barazani, saa hiyo hiyo yaweza kula nane.

Kabla ya kupatana bei niliomba nisikie kipande cha katikati. Nikatumiwa dakika tatu za mwanzo. Dakika za mwanzo za mjadala wowote ni za mwezeshaji: anajitambulisha, anasoma fomu ya ridhaa, kinasa sauti kiko mbele yake na wenzake bado wana haya ya kuongea. Kila kitu kinasikika.

Dakika ya 33 mvua imeanza kunyesha juu ya bati. Imekatika saa moja na dakika nne ndani ya faili.

Uniti za umeme zimeisha saa kumi na moja jioni. Mpwa wangu alikuwa na simu yenye salio, akanunua.

Jumanne

Jirani yetu ni fundi seremala na leo amepata kazi ya milango. Randa imeanza saa mbili asubuhi. Nimehamia chumba cha ndani na kufunga dirisha, joto likawa langu.

Kinasa sauti kilichotumika kina maikrofoni mbili, kwa hiyo faili lina upande wa kushoto na wa kulia. Nimelifungua kwenye Audacity, nikatenganisha pande hizo na kusikiliza mmoja mmoja. Kushoto kulikuwa kumeelekea mlangoni, na mvua yote imeingia huko. Kulia kuna wanawake wanne wanaosikika vizuri zaidi kuliko pande zote mbili zikiwa pamoja. Hii ni hatua ya kwanza ninayoichukua kila mara, kwa sababu haiharibu chochote: sauti haibadilishwi, inachaguliwa tu.

Kuchuja ni jambo jingine. Feni au jenereta ikivuma chini ya mazungumzo, naweza kukata sauti nzito za chini ya hezi 100 na maneno yakabaki salama, kwa kuwa herufi zinazobeba maana ziko juu ya hapo. Mvua ya bati haina sehemu yake maalumu. Imetapakaa kuanzia sauti nzito mpaka nyembamba, pale pale walipo wanawake wenyewe. Ukiikata, unakata na "s" na "t" na "k" zao, na kinachobaki ni kama watu wanaoongea ndani ya mtungi. Nimeijaribu kidogo nikaiacha.

Tatizo la pili ni nani anasema. Mwezeshaji aliwagawia namba, na mwanzoni kila mmoja anataja yake kabla ya kuongea: "Mimi namba tano." Mjadala ulipopamba moto namba zikasahaulika. Nimewatambua kwa sauti na mazoea yao. Namba mbili anakohoa. Namba sita huanza kila jibu na "sasa basi". Namba tatu na namba nane wanafanana mno, na pale nilipokosa hakika nimeandika "Mshiriki" bila namba. Mchambuzi akijua kwamba msemaji hakutambulika, atalitumia neno lile kama la kikundi. Akipewa namba ya kubahatisha, atamhesabu mtu asiyesema.

Jumatano

Siku nzima imeishia kwenye silabi moja.

Dakika ya 41 na sekunde 17, namba nne anaeleza walivyokwenda zahanati na watoto wenye homa. Nasikia: "Tukafika pale, tukapima…" halafu bati linanguruma, halafu "…pewa dawa." Kilichofunikwa ni ama "tukapewa dawa" au "hatukupewa dawa". Kwa kusoma karatasini ni maneno mawili yaliyo mbali kabisa. Kwa kusikia chini ya mvua, "ha" ya mwanzo ni pumzi tu, na "ka" na "ku" zinaachana kwa irabu moja fupi. Na utafiti wote unauliza jambo hilo hilo: dawa zipo au hazipo.

Nimepunguza mwendo mpaka asilimia 70. Chini ya hapo maneno huanza kuvutika na sikio hudanganywa. Nimesikiliza upande wa kulia peke yake. Nimekuza mawimbi kwenye skrini nihesabu silabi, kwa kuwa "hatukupewa" ina silabi moja zaidi ya "tukapewa", lakini kila tone lilikuwa limechora mlima wake. Mwishowe nikaacha neno nikatazama wanaomjibu. Namba mbili anadakia: "Wala kwetu." Hiyo "wala" inaegemea kwenye kukana, na ndiyo ushahidi wenye nguvu kuliko sikio langu. Lakini namba mbili huenda anajibu jambo lililosemwa kabla, maana watatu walikuwa wakiongea kwa pamoja.

Nimeandika hivi:

```
[00:41:17] N4: Tukafika pale, tukapima,
[haisikiki: hatukupewa? / tukapewa?] dawa.
[00:41:20] N2: Wala kwetu.
```

Kisha nikamwandikia mtafiti kwamba mjadala wa namna hii huwa na mtu wa pili anayeandika kumbukumbu kwa mkono, na nikaomba daftari lake kwa dakika zile. Mteja mwingine huko nyuma aliwahi kuniambia mabano yapungue, kwa sababu yanafanya kazi ionekane haijakamilika. Sikubaliani na hilo. Pengo lenye saa na dakika mtu anaweza kulirudia akasikiliza mwenyewe. Neno la kubahatisha halimwiti mtu arudi. Linapita mpaka kwenye tafsiri, kisha kwenye jedwali, na namba nne atakuwa amesema asichokisema.

Jogoo wa mwenye nyumba amewika juu ya kizingiti cha dirisha muda wote wa zoezi hili.

Alhamisi

Kazi ya pili imerudi. Ni filamu ya dakika 50 juu ya mabaharia wa mashua, niliyoiwekea maandishi ya chini mwezi uliopita. Mtayarishaji anasema maandishi yanatangulia maneno, na anaomba niyasogeze yote mbele sekunde tatu.

Nimemwomba kwanza anipe vipimo vya sehemu mbili. Dakika ya 10 maandishi yanatangulia kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Dakika ya 50 yanatangulia kwa sekunde tatu. Basi si suala la kusogeza. Ingekuwa wameongeza utangulizi mwanzoni, kosa lingekuwa sawa kila mahali. Kosa linalokua kadiri filamu inavyokwenda linatoka kwenye idadi ya picha kwa sekunde. Nakala ya kufanyia kazi waliyonitumia ilikuwa ya picha 24 kwa sekunde; ya mwisho wameitoa kwa 23.976. Picha ni zile zile, ila sasa zinapita polepole kwa sehemu moja katika elfu. Dakika 10 ni sekunde 600, sehemu moja ya elfu ni sekunde 0.6. Dakika 50 ni sekunde 3,000, sehemu moja ya elfu ni 3. Inakubaliana na vipimo vyake.

Kwenye Subtitle Edit kuna amri ya `Change frame rate`: kutoka 24 kwenda 23.976, kila muda unazidishwa kwa 1.001. Kama ningeyasogeza yote kwa sekunde tatu, mwisho ungekaa sawa na mwanzo mzima ungechelewa.

Mchana akapiga tena. Kwenye mashine yao "ng'ambo" inasomeka `ngâ€™ambo`. Msaidizi wake alipitishia maandishi kwenye programu ya kuandikia barua, ikabadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Ile iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika UTF-8, na mashine yao ya zamani ikasoma kila baiti kama herufi inayojitegemea. Kwenye maandishi ya Kiswahili dalili hii haijifichi: maneno yote ni salama isipokuwa yenye ng'. Nimerudisha alama iliyonyooka faili zima.

Ijumaa

Umeme haukuwapo mpaka alasiri. Betri imetosha mistari michache ya filamu, na mmoja umenisimamisha:

```
214
00:18:06,200 --> 00:18:08,300
Hawakutuambia kwamba
mashua imeshaondoka.
```

Herufi 40 kwa sekunde 2.1 ni herufi 19 kwa sekunde, na mteja huyu ameweka mpaka wa 17. Nahodha anasema haraka, na Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja refu, kwa hiyo mtazamaji hawezi kuruka nusu yake. Mstari unaofuata unaanza 00:18:08,700. Nimevuta mwisho mpaka 08,600, zikawa sekunde 2.4 na herufi chini kidogo ya 17, na pengo dogo limebaki jicho lione kwamba maneno yamebadilika. Pasipo na nafasi ya kuvuta ndipo napunguza maneno: "Hawakutuambia mashua imeondoka." Naipenda pungufu kuliko ya kwanza, lakini nahodha alisema "imeshaondoka", na uchungu wake upo kwenye hiyo "sha". Nafasi ikiwapo, inabaki.

Jumamosi

Daftari limekuja, picha tatu za simu, moja imepigwa kichwa chini. Kwenye kipindi kile mwandishi wa kumbukumbu ameandika: "N4, N2: wamepima, dawa hakuna, wameambiwa wakanunue." Nimeandika "hatukupewa" na kuacha maelezo pembeni kwamba neno limethibitishwa na daftari, si na sauti. Mapengo mengine ya mvua daftari halikuyagusa, na yamebaki mapengo.

Nimepita mara ya mwisho kuondoa majina. Namba sita anamtaja muuguzi, kisha duka lililo mkabala na nyumba yake. Jina limekuwa [muuguzi]. Duka nalo nimeliondoa, maana kijijini duka lenyewe linatosha kumtambulisha mtu.

Mtafiti amepiga simu mchana.

"Dada, kazi nimeiona, ahsante. Vikundi vingine vinne vinakuja. Bei ile ile?"

Nimemweleza kuhusu dakika 31 za mvua na muda zilizokula. Nimependekeza bei mbili: ya kawaida, na moja na nusu kwa dakika ambazo wasemaji wamefunikwa, tuzipime pamoja kabla sijaanza, kwa kipande cha katikati nitakachokichagua mwenyewe. Amesema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mvua ina bei, na bajeti ya faili hili la kwanza imeshafungwa. Kwa manne yanayokuja amekubali. Ameniuliza pia kinasa sauti wakiweke wapi. Nimemwambia katikati ya mkeka, juu ya kitambaa kilichokunjwa, na wakiona wingu waingie kwenye nyumba ya makuti.