Dalali, Mkimya na Mguu wa Nne

Skripti ya watu wawili wenye tabia zinazokinzana, mmoja msemaji na mwingine mkimya, huharibika kwa njia moja inayojulikana: msemaji huimeza. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Akiandikiwa sentensi mbili huzitoa nne, akiachiwa nafasi ya kupumua huijaza, na video ikimalizika mkimya ameonekana bega tu. Kisha mtu katika soko la Zombe humsimamisha msemaji ampongeze, halafu humgeukia mwenzake na kumuuliza kama yeye ndiye anayeshika simu.

Dawa inayojaribiwa kwanza ni kugawa mistari sawasawa, kumi kwa kumi. Haifanyi kazi. Mkimya akilazimishwa kusema mistari kumi huisoma kama anayesomewa mashtaka, na kile kilichomfanya achekeshe, yaani uso usiotikisika, hupotea. Kinachogawanywa sawa si maneno bali sekunde ambazo macho ya mtazamaji yako kwa kila mmoja. Msemaji hupewa maneno. Mkimya hupewa maamuzi, vituo na neno la mwisho.

Mpango huu ni wa zamani. Katika Vitimbi vya KBC, Mzee Ojwang, aliyeigizwa na Benson Wanjau hadi uzeeni, alikuwa na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, na ugomvi wa mume na mke ulihitaji pande zote mbili ili uchekeshe. Huko Marekani, Bud Abbott, ambaye kazi yake ilikuwa kubaki mtulivu huku Lou Costello akihangaika, mwanzoni alichukua asilimia 60 ya malipo. Wenye kumbi za maonyesho walijua kwamba wa kuangusha vitu hapatikani kwa shida. Wa kusimama tu bila kuharibu ndiye adimu.

Mfano ufuatao ni wa video fupi inayopigwa kwa simu iliyosimamishwa wima, mahali pakiwa ni mnada wa mbuzi Zombe. Msemaji ni dalali. Mkimya ni mnunuzi aliyemzidi umri.

DALALI: Mzee, huyu mbuzi ni wa ukoo. Mamake alizaa pacha mara tatu, na babake alijulikana kutoka Mutito hadi Endau.
MNUNUZI: (Anamtazama mbuzi, sekunde 3.) Pesa ngapi?
DALALI: Elfu nane, na hiyo ni bei ya kuoneana haya kwa sababu nakujua.
MNUNUZI: (Anatazama mguu wa nyuma, sekunde 2.) Anachechemea.
DALALI: Huyo hachechemei, anaringa! Mbuzi wa siku hizi hawatembei kama wa zamani.
MNUNUZI: (Kimya, sekunde 4.) Elfu sita. Nalipia miguu mitatu.
DALALI: (Anafungua mdomo. Hakuna kinachotoka, sekunde 5.)

Kwa hesabu ya maneno, dalali amemshinda mwenzake vibaya: 41 kwa 8. Lakini hesabu ya sekunde inasema jingine. Maneno mawili kwa sekunde yakiwa ndiyo kasi, dalali anaongea kama sekunde 20. Katika hizo, sekunde 6 kamera haimwonyeshi yeye. Inaonyesha uso wa mnunuzi akisikiliza sifa za ukoo wa mbuzi. Zinabaki 14, na zile 5 za mdomo wazi zinafikisha 19. Mnunuzi ana sekunde 4 za kusema, 9 za kunyamaza na 6 za kusikiliza. Jumla yake pia ni 19.

Ndiyo maana vituo huandikwa ndani ya skripti kwa tarakimu. Penye neno “kimya” peke yake, msemaji huona nafasi iliyo wazi, naye huisaidia. Penye “sekunde 4” hujua kwamba nafasi hiyo ina mwenyewe. Hata hivyo, siku ya kupiga picha dalali huongeza chumvi: baada ya “anaringa” hukumbuka kwamba babu ya mbuzi naye alikuwa na sifa zake. Sentensi hiyo moja ya ziada huharibu mambo mawili. Huongeza sekunde upande mmoja, na humtenga mnunuzi na neno analolijibu, hivyo miguu mitatu inafika wakati mtazamaji ameshausahau ule wa nne. Njia nyepesi ya kumzuia ni kukubaliana kwamba nyongeza zote zinakaa kwenye mstari wa kwanza, ambao ukirefuka hauui kichekesho. Hapo ukoo wa mbuzi unaweza kurudi nyuma vizazi vyovyote apendavyo, na mhariri atakata.

Tatizo la pili ni sauti. Maikrofoni ya simu husikia zaidi aliye karibu na anayepaza sauti, na dalali kwa kawaida ni vyote viwili. Mnunuzi akisema “anachechemea” kwa sauti yake ya kawaida, kinachosikika ni upepo, bodaboda inayopita, na mbuzi wa jirani akitoa maoni. Suluhisho ni kumsogeza mkimya nusu hatua mbele, karibu na simu. Sauti yake hunaswa, na uso wake huwa mkubwa kidogo kwenye kioo, jambo linalomlipa kwa maneno aliyonyimwa. Asisogee zaidi ya hapo, kwa maana lenzi ya simu huikuza pua ya aliye karibu mno, na watazamaji huanza kucheka kitu ambacho hakikuandikwa.

Mhusika wa tatu, mbuzi mwenyewe, hana skripti na hafuati ya wenzake. Akilia wakati dalali amefungua mdomo mwishoni, bahati imeshuka, sauti hiyo iachwe. Akilia juu ya “elfu sita”, kazi inarudiwa, kwa sababu asiyesikia bei hawezi kufanya hesabu ya miguu: elfu nane kwa minne ni elfu mbili kila mmoja. Jambo jingine linaloharibu ni mbuzi mwenye afya. Ikiwa aliyeazimwa anatembea vizuri, asionyeshwe akitembea kabisa; uonyeshwe mguu tu, kisha uso wa mnunuzi.

Kabla ya video kutolewa, hupimwa mara mbili. Kwanza huchezwa bila sauti: mtazamaji ambaye hakuhusika akidhani kisa ni cha mtu mmoja, sura za mnunuzi anaposikiliza ni chache. Pili huchezwa skrini ikiwa imefunikwa: akishindwa kutaja bei zote mbili, mkimya hasikiki au msemaji amemkanyaga. Kasoro ya kwanza hurekebishwa wakati wa kuhariri. Ya pili humaanisha kurudi mnadani, kama mbuzi hajauzwa.

Mgawanyo huu una mipaka yake. Mkimya akishinda kila mara, mtazamaji huzoea na hungoja neno la mwisho kama anayengoja chenji, kicheko kikaisha. Kwa hiyo kila baada ya visa vichache, mizani hugeuzwa: mnunuzi anajikuta mbele ya baraza la chifu, ametakiwa kutoa shukrani kwa niaba ya wageni, na dalali peke yake ndiye awezaye kumwokoa. Sekunde hubaki sawa; zilizobadilika ni tabu tu. Na kama mmoja ni mkimya kwa sababu hakuisoma skripti, hakuna kituo kitakachomsaidia. Huyo apewe nakala na siku mbili.