Mteja Kalipa, Pesa Haijafika

Karani wa duka la vifaa vya ujenzi aliandika: "Malipo yako hayaonekani. Leta ushahidi." Ushahidi! Kana kwamba mtu na mifuko yake kumi ya saruji wamepandishwa kizimbani. Mteja akajibu kwa herufi kubwa tupu: NIMELIPA.

Rasimu ya jibu la karani ilijaa masikitiko. "Ndugu mteja wetu mpendwa, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza..." Mistari sita ya pole, utadhani kuna msiba, na ombi lenyewe likasahaulika.

Mwenye duka akachukua simu, akaandika mwenyewe:

"Habari za mchana, kaka. Tumepitia miamala ya jana kwenye Lipa Namba yetu, pesa ya shilingi 180,000 bado hatujaiona. Naomba ututumie ule ujumbe wa uthibitisho kama ulivyokuja, tuutafute kwa kumbukumbu namba. Angalia pia jina la biashara lililomo."

Hakusema "hujalipa", alisema "hatujaiona", kosa likabaki halina mwenyewe. Picha hakuitaka, maana picha hukatwa kingo, na mafundi wa kuzipamba wapo tele. Ujumbe nao huchezewa, lakini kumbukumbu namba ya kubuni haitokei kwenye taarifa ya miamala ya duka.

Ujumbe ukaja. Jina lililomo: saluni. Tarakimu moja iliteleza, na saluni imepokea pesa ya saruji. Sasa mteja anauliza, kwa herufi ndogo, kama duka linaweza kumrudishia. Haliwezi, aupigie mtandao wake wa simu, upesi, kabla mwenye saluni hajanunua madawa ya nywele.